Kontakta za kapasita zinapogandana: kutafuta chanzo kwenye paneli ya pawa fakta

Msimu wa alizeti ukishika kasi, simu ninazopokea kutoka Kibaigwa, Kongwa hadi upande wa Singida hufanana. Kinu kinakamua usiku na mchana, na paneli ya kapasita iliyofungwa ili kupunguza kVA kwenye ankara imeanza kula kontakta na fyuzi. Mwenye kinu anadhani kauziwa vifaa feki. Fundi wake naye anadhani kontakta ni ndogo, anafunga kubwa zaidi, na baada ya wiki tatu nayo imegandana.

Nitaeleza kinu kimoja cha Kibaigwa ambacho tatizo lake nililifuata hadi mwisho. Kinu kina transfoma ya 500 kVA yenye impidansi ya 4%, na paneli ina hatua sita za kvar 25, volti 400, kila hatua ikiwa kapasita yenye kontakta yake. Hatua ya tano na ya sita zilikuwa zimebadilishiwa kontakta mara tatu ndani ya msimu mmoja. Hatua ya kwanza na ya pili zilikuwa hazijaguswa tangu paneli ifungwe.

## Kabla ya kugusa chochote

Zima swichi kuu ya paneli, ifunge kwa kufuli, kisha subiri angalau dakika tano. Baada ya hapo pima volti kati ya fezi na fezi, na kati ya kila fezi na ardhi, kwenye vituo vya kapasita yenyewe. Kupima kwenye mabasbaa peke yake hakutoshi. Kapasita ikishatenganishwa na mabasbaa na rezista zake za kutoa chaji zikiwa zimekatika, itabaki na chaji ambayo mita iliyoshikwa kwenye mabasbaa haitaiona kamwe. Nimeshika kapasita ya namna hiyo mara moja, na sitaki mwingine aishike.

## Dalili ya kwanza: taa ya hatua imezimika, mkondo bado upo

Hii ndiyo dalili ya platini kugandana, yaani zile ncha za fedha ndani ya kontakta zinazogusana ili kupitisha umeme. Kidhibiti, kile kifaa kinachoingiza na kutoa hatua, kinasema hatua ya sita imetoka na taa yake imezima. Ukiweka klempu mita kwenye waya wa hatua hiyo unaona ampea 36, ambazo ndizo kapasita ya kvar 25 inavuta kwa volti 400. Ni rahisi kuiona usiku kinu kikiwa kimesimama, kwa sababu wakati huo hakuna hatua inayopaswa kuwa ndani, na pawa fakta kwenye kidhibiti inasoma upande wa kutangulia.

Ukishaithibitisha, usikimbilie dukani. Fungua kontakta zote sita uzipange mezani kwa namba zake. Mpangilio wa kuungua ndio utakaokuambia chanzo.

Platini za hatua ya kwanza zilikuwa na weusi kidogo tu. Za hatua ya tatu na ya nne zilikuwa na vishimo vidogo. Za tano na sita zilikuwa zimeyeyuka, na kwenye moja fedha ilikuwa imerukia ukuta wa plastiki. Uharibifu ulipanda kadiri namba ya hatua ilivyopanda. Joto la chumba, vumbi la mashudu, hata kontakta feki, haviwezi kuchagua namba namna hiyo. Kitu kimoja kinachoongezeka kutoka hatua ya kwanza hadi ya sita ni idadi ya kapasita ambazo tayari zina chaji wakati mpya inapoingia.

## Kwa nini hatua ya mwisho ndiyo inayoumia

Kapasita tupu ikiunganishwa kwenye umeme, kwa sekunde ndogo sana huwa kama waya uliopigwa shoti. Kinachozuia mkondo wakati huo ni induktansi iliyo njiani, basi. Kilele cha mkupuo huo, yaani pigo la ghafla la mkondo, kinapatikana hivi, V ikiwa kilele cha volti ya fezi, C kapasita na L induktansi ya njia:

```
I = V × √(C / L)
```

Kwa volti 400, V ni 327. Kapasita ya kvar 25 ni sawa na mikrofaradi 497 kwa fezi ikihesabiwa kama nyota.

Hatua ya kwanza inapoingia peke yake, umeme wote wa kuijaza lazima upite kwenye transfoma. Transfoma ya kinu hiki ina induktansi ya mikrohenri 41 hivi. Ukiweka tarakimu hizo unapata kilele cha ampea 1,140. Si mkondo mdogo, kwani ni zaidi ya mara ishirini ya kilele cha kawaida cha ampea 51, lakini kontakta nzuri huuvumilia.

Hatua ya sita inapoingia, hali ni nyingine kabisa. Kapasita tano zimekaa pembeni yake zikiwa zimejaa, umbali wa mita moja ya waya. Hazisubiri transfoma. Zinammwagia mgeni chaji yao moja kwa moja kupitia mabasbaa. Njia hiyo fupi, ukijumlisha waya, fyuzi na kontakta, nilikadiria kuwa na mikrohenri 1.5 kwa kila hatua. Tano zikiwa sambamba upande mmoja na moja upande wa pili, jumla ni mikrohenri 1.8. Kapasita tano zikifuatana na ile moja, C inakuwa mikrofaradi 414. Kilele sasa ni karibu ampea 4,950, karibu mara mia ya kilele cha kawaida. Ukinzani wa waya hupunguza kidogo, lakini ukubwa wa jambo unabaki uleule.

Kinachomaliza platini zaidi ni kasi ya mkupuo huo. Unapiga kwa takriban Hz 5,800, maana yake kilele cha kwanza kinafika baada ya sehemu 43 za milioni ya sekunde. Platini zinapogusana huwa zinaruka-ruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Kwa hiyo ampea karibu elfu tano zinapita wakati platini hazijabanana, zimegusana kwenye nukta ndogo tu. Nukta hiyo inayeyuka, platini zinatulia juu ya fedha iliyoyeyuka, nayo inapoa. Hapo umezilehemu.

Ndiyo maana kontakta kubwa haikusaidia. Fundi wa kinu aliniambia, "Fundi, nimeweka ya ampea 65 kwa mzigo wa 36, na bado inaganda." Ilikuwa kontakta nzuri, lakini ya kundi AC-3, iliyotengenezwa kwa mota. Mota inapoanza huvuta mara sita au nane ya mkondo wake, kwa mwendo wa polepole wa Hz 50. Kontakta hiyo imepimwa kwa pigo la namna hiyo. Kapasita zina kundi lake, AC-6b, na herufi hizo zinapaswa kusomeka kwenye kibati cha kontakta pamoja na kvar zake. Ukiona ampea na kilowati za mota peke yake, hiyo si kontakta ya kapasita, hata iwe kubwa kiasi gani.

## Dalili ya pili: kontakta ni sahihi lakini bado zinaungua

Kontakta ya kapasita utaitambua kwa nyaya nyembamba zilizojikunja kama chemchemi juu au pembeni yake. Nyaya hizo ndizo rezista za kutangulia. Kontakta inapovutwa, platini ndogo za juu hugusana kwanza na kupeleka umeme kwenye kapasita kupitia rezista. Milisekunde chache baadaye platini kuu zinafunga na kuibeba kazi.

Tuseme rezista ina om 1. Mkupuo wa kwanza hauwezi kuzidi ampea 327, hata kapasita jirani ziwe ngapi, kwa sababu ukinzani hauangalii urefu wa njia. Kapasita inajaa ndani ya milisekunde moja au mbili, na platini kuu zikifika zinakuta kazi kubwa imeshafanyika.

Kuna mkupuo wa pili ambao mafundi wengi hawauhesabu. Kapasita ikishajaa inaendelea kuvuta mkondo wake wa kawaida kupitia rezista, na juu ya rezista panabaki volti. Kwa kilele cha ampea 51 na om 1, ni volti 51. Platini kuu zinapofunga zinaifuta tofauti hiyo ghafla, na mkupuo mdogo unatokea kwa uwiano wa 51 kwa 327, yaani ampea 770 hivi ikiwa bahati ni mbaya. Kwa hiyo kubuni rezista kubwa zaidi ili "kuituliza vizuri" kunaupunguza mkupuo wa kwanza na kuukuza wa pili. Kwa paneli hii mikupuo miwili inalingana karibu na om 0.65, kila mmoja ukiwa kama ampea 500. Ninasema hivi kwa sababu nimekuta nyaya zilizokatika zimebadilishwa kwa waya wa hita. Usifanye hivyo. Waya huo pia haukupimwa kubeba pigo lile mara maelfu.

Rezista zikikatika, kontakta inaendelea kuvuta na kuachia kama kawaida, taa inawaka, mkondo unapita. Hakuna kinacholalamika hadi platini kuu zigandane. Kupima ni hivi: kontakta ikiwa imetolewa kabisa kwenye umeme, weka mita ya om juu na chini ya fezi moja, kisha sukuma kitako chake polepole kwa bisibisi ya plastiki. Kabla ya kufika mwisho mita inapaswa kuonyesha ukinzani mdogo, na ukibonyeza hadi mwisho ushuke karibu na sifuri. Kama mita inabaki wazi hadi ghafla iwe sifuri, rezista ya fezi hiyo imekatika au platini zake ndogo zimeungua. Rudia fezi zote tatu, maana moja tu ikifa inatosha. Kumbuka kutoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Kwenye om chini ya moja, nyaya mbovu zitakudanganya.

Rezista zikiwa zimeungua zote tatu kwa pamoja na rangi imebadilika, uliza mara ngapi hatua hiyo inaingia na kutoka. Rezista inapata joto kila ikiingia na inahitaji muda wa kupoa. Hilo linatupeleka kwenye kidhibiti.

## Dalili ya tatu: fyuzi zinakatika papo hapo hatua inaporudi

Tofautisha fyuzi inayokatika baada ya saa moja na ile inayokatika na mlio wa kontakta. Ya kwanza huwa joto au hamoniki, yaani mawimbi ya umeme yenye kasi kuliko Hz 50. Ya pili, kama inatokea hasa hatua inaporudi muda mfupi baada ya kutoka, ni chaji iliyobaki.

Kiwango cha IEC 60831 kinataka rezista za kutoa chaji zishushe kapasita hadi volti 75 ndani ya dakika tatu. Mtu anasikia "kuna rezista za kutoa chaji" na kudhani kapasita inakuwa tupu mara moja. Hesabu inasema vingine. Kapasita ya volti 400 inaachwa na kilele cha volti 566. Kama rezista zake zinatimiza kiwango tu bila ziada, baada ya sekunde 5 bado ina volti 535. Baada ya dakika moja ina karibu 290, na ndipo dakika ya tatu inapofika 75.

Kwenye kinu cha Kibaigwa, muda wa kurudi kwenye kidhibiti ulikuwa umewekwa sekunde 5. Fundi aliushusha kwa nia njema, kwa kuwa mota ya kinu inapopanda na kushuka mzigo alitaka pawa fakta irudi haraka. Kapasita ikirudi na volti 535 za upande kinyume na umeme, tofauti ya volti inakuwa karibu mara mbili, na mkupuo nao karibu mara mbili. Zile 4,950 zinaelekea 9,600. Hata kontakta sahihi ya AC-6b rezista zake zitaungua hapo, kwa sababu nishati inayopita ndani yake inakaribia mara nne.

Dawa haina gharama. Rudisha muda uwe sekunde 180, au ufuate muda ulioandikwa kwenye kibati cha kapasita kama rezista zake zina kasi zaidi. Angalia pia swichi za mkono mbele ya paneli. Kwenye paneli nyingi swichi hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye koili ya kontakta na hazipiti kidhibiti, kwa hiyo hakuna muda wowote unaolindwa. Anayewasha na kuzima hatua kwa mkono ili "kuijaribu" anaweza kuilehemu kwa jaribio hilohilo.

Wakati uko kwenye kidhibiti, angalia mpangilio wa zamu. Hiki kilikuwa kimewekwa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Maana yake hatua ya kwanza inaingia asubuhi na kukaa siku nzima, ilhali ya tano na ya sita zinapigwa ngumi kila mzigo unapocheza. Zilikuwa zinabeba mkupuo mkubwa kuliko zote na mara nyingi kuliko zote. Kuweka zamu ya kuzunguka, wa kwanza kuingia awe wa kwanza kutoka, hakupunguzi mkupuo hata ampea moja, ila kunaugawa uchakavu, na kila kapasita inapata muda mrefu wa kutoa chaji.

## Dalili zinazofanana ambazo chanzo chake ni kingine

Draivu ya mota ikijizima na kuandika volti ya juu wakati hatua ya kwanza inaingia, hilo si kosa la kapasita kumwagia kapasita. Mkupuo wa jirani kwa jirani unazunguka ndani ya paneli na hautoki nje sana. Kinachoigusa draivu ni mtikisiko wa volti kati ya transfoma na kapasita ya kwanza, nao unapoozwa na rezista za kutangulia.

Kapasita iliyovimba huku platini za kontakta yake ni safi inaelekeza kwenye joto au hamoniki. Ipime kwa klempu mita inayosoma thamani halisi. Ikizidi mara 1.3 ya mkondo wa kibati, yaani ampea 47 kwa hatua yetu, imepita kikomo cha kiwango. Ikiwa chini ya 36 kwa volti zilezile, imepoteza uwezo. Ukiitoa na kupima kati ya vituo viwili, kapasita nzima ya kvar 25 yenye muungano wa delta husoma karibu mikrofaradi 249 kwa kila jozi. Ukikuta 83 kwenye jozi moja na 166 kwenye mbili nyingine, tawi moja limekatika.

## Lini uweke koili ya mfululizo

Tulifunga kontakta sita za AC-6b, muda ukawa sekunde 180, zamu ikawa ya kuzunguka. Kugandana kukaisha. Lakini mwenye kinu alikuwa anapanga kununua mota mbili zenye draivu, na hapo nikamshauri koili.

Koili ndogo ya hewa ni njia ya zamani ya kupunguza mkupuo: mizunguko mitano ya waya wa hatua yenyewe, upana wa sentimita 15, inakupa kama mikrohenri 4.5. Ukiifanya kwenye kila hatua, induktansi ya njia inapanda kutoka 1.8 hadi 7.2, na kwa kuwa L iko ndani ya kipeuo cha pili, mara nne zinaukata mkupuo nusu tu. Ampea 2,480 bado ni nyingi kwa kontakta ya mota. Naikubali kama msaada kwenye paneli ya zamani, siikubali kama badala ya kontakta sahihi.

Koili ya chuma ya 7% ni kitu kingine. Kwa kvar 25 ina milihenri 1.53, karibu mara elfu ya induktansi ya waya. Mkupuo wa hatua ya sita unashuka hadi ampea 150 hivi. Lakini haifungwi kwa ajili ya mkupuo. Inafungwa kwa sababu transfoma hii na hatua nne za kapasita zinaitikiana karibu na Hz 559, na draivu za kawaida hutoa hamoniki ya 11, Hz 550. Koili ya 7% inasogeza muitikio wa kila hatua hadi Hz 189, chini ya hamoniki ya 5 ambayo ndiyo kubwa ya kwanza ya draivu.

Ina masharti mawili ambayo nimeona yakivunjwa. Koili inapandisha volti kwenye kapasita: volti 400 zinakuwa 430. Kapasita ya volti 400 iliyokuwepo haifai tena, unahitaji ya 480. Na kapasita iliyoandikwa kvar 25 kwa volti 480 itakupa kvar 18.7 tu ukiifunga na koili kwenye volti 400, kwa hiyo unaagiza ya kvar 33.5 ili upate 25 zako. Sharti la pili ni kwamba hatua zote sita ziwe na koili. Ukiacha mbili bila, hizo mbili zitamwagiana chaji kama zamani, na hamoniki zitazikimbilia.

Kwenye benki za kV 11 na kV 33 hesabu ni ileile kwa volti kubwa zaidi. Huko kiwango cha IEC 62271-100 kinapendekeza sakitibreka ya kazi hii ihimili kilele cha kA 20 kwa Hz 4,250, na koili za hewa za kila benki huchaguliwa ili mkupuo na kasi yake vibaki chini ya hapo.

Jambo la mwisho kwenye paneli ya Kibaigwa lilikuwa hewa. Koili sita za chuma hutoa joto muda wote zikiwa ndani, na Oktoba ya Dodoma haisaidii. Tulizipandisha juu ya kapasita, feni ikawekwa juu ikitoa hewa nje, na vichujio vya mlangoni vinasafishwa kila Jumamosi kwa sababu vumbi la alizeti huvijaza ndani ya wiki.